Dakika Moja kwa Swali

Swali la kwanza aliloniletea binti wa jirani yangu hapa Upanga lilikuwa jepesi, na mimi niliyefundisha fizikia ya kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi nililipokea kwa bashasha. Gari linaondoka mahali liliposimama na kuongeza kasi kwa mchapuko wa 2 m/s². Mara linapofika kasi yake ya juu, dereva anakanyaga breki na gari linapunguza kasi kwa 3 m/s² mpaka linasimama. Safari nzima imechukua sekunde 10. Kasi ya juu ilikuwa kiasi gani, na gari lilikwenda umbali gani?

Nikavuta karatasi. Nikaandika v = u + at kwa sehemu ya kwanza, nikaiandika tena kwa sehemu ya pili, muda nikauita t₁ na t₂, nikaunganisha milinganyo, nikatafuta umbali wa kila sehemu, nikajumlisha. Jibu likatoka, tena sahihi. Nilipoinua uso nikamkuta anaangalia saa kwenye simu yake.

"Mwalimu," alisema kwa adabu, "hapo maswali manne yameshapita."

Binti huyu ni raia wa India aliyezaliwa na kusomea Dar es Salaam, na alikuwa anajiandaa kwenda kwao kufanya NEET, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari vya India. Mwaka 2025 mtihani huo ulifanywa na watu zaidi ya milioni mbili. Una maswali 180 kwa dakika 180: biolojia 90, kemia 45, fizikia 45. Kila swali lina majibu manne, mtahiniwa anasiliba duara moja kwa kalamu ya wino. Jibu sahihi lina alama 4, jibu baya linakata alama 1, swali lililoachwa halina faida wala hasara. Kikokotoo hakiruhusiwi. Maswali ya biolojia mengi ni ya kujua au kutojua, kwa hiyo watahiniwa wazuri huyapitia haraka na kubakiza kama saa moja kwa ajili ya fizikia. Hiyo saa moja ukiigawa kwa maswali 45 unapata sekunde 80 kwa kila moja, pamoja na kulisoma.

Sisi huku hatukulelewa hivyo. Kwetu njia ya kwenda kusomea udaktari hupitia matokeo ya kidato cha sita, na katika karatasi ya fizikia ya kidato cha sita msahihishaji anataka kuona njia: kanuni imeandikwa, tarakimu zimewekwa, vipimo havikusahaulika. Hata ukikosea hesabu mwishoni unaokota alama njiani. Nimewapigia wanafunzi kelele miaka yote kwamba wasiruke hatua. Sasa nilikuwa mbele ya mtihani ambao njia yako haisomwi na mtu yeyote, inasomwa siliba tu, tena na mashine. Ikabidi na mimi nijifunze upya.

Turudi kwenye gari letu. Acha milinganyo, chora grafu: muda unalala chini, kasi inasimama pembeni. Kasi inapanda kwa mstari ulionyooka kutoka sifuri, inafika kileleni, inashuka kwa mstari mwingine mpaka sifuri. Ni pembetatu. Sasa jiulize swali moja kabla kalamu haijaenda mbali: ni kitu gani ambacho pande hizi mbili zinashirikiana? Ni kilele. Kasi ambayo gari liliipata wakati wa kupanda ndiyo ileile lililoipoteza wakati wa kushuka. Anayepanda polepole lazima atumie muda mrefu zaidi, kwa uwiano uliopinduliwa. Michapuko ni 2 kwa 3, basi muda ni 3 kwa 2. Sekunde 10 zikigawanywa mafungu matano, kila fungu lina sekunde 2, kwa hiyo kupanda kulichukua sekunde 6 na kushuka sekunde 4. Kilele ni 2 mara 6, yaani 12 m/s. Umbali ni eneo la pembetatu, nusu ya 10 mara 12, mita 60. Mtu aliyezoea anamaliza kwa sekunde ishirini na karatasi yake ina pembetatu moja tu.

Watunzi wa mitihani ya namna hii hupenda pia kuliuliza swali hilohilo kwa herufi. Mchapuko wa kupanda wanauita α, wa kushuka β, muda wote t, halafu wanataka kasi ya juu. Majibu yanaweza kuwa hivi:

```
A   (α + β)t
B   αβt/(α + β)
C   (α² + β²)t/αβ
D   αβt/(α − β)
```

Hapa usikokotoe chochote. Anza na vipimo: katika C, michapuko ya juu inafutana na ya chini, kinachobaki ni t peke yake, yaani sekunde. Tunatafuta mita kwa sekunde, kwa hiyo C imekwenda. Kisha weka hali ambayo jibu lake unalijua. Tuseme α na β ni sawa. Hilo ni gari la kawaida kabisa, lakini D inataka ugawe kwa sifuri. Imekwenda nayo. Halafu tuseme breki ni kali kupita kiasi, gari likaganda papo hapo. Muda wote wa t ungekuwa umetumika kupanda, na kasi ya juu ingekuwa αt. Jibu A linasema kadiri breki zinavyokuwa kali ndivyo gari lilivyokimbia zaidi, jambo ambalo hata kondakta wa daladala hawezi kulikubali. Limebaki B, na B inapita jaribio hilo, kwa sababu β ikiwa kubwa sana α iliyo chini haina uzito tena, β zinafutana, inabaki αt.

Nilipomwonyesha haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko si kubahatisha. Si kubahatisha. Jibu lisilopita mtihani wa vipimo haliwezi kuwa sahihi, liwe limetungwa na nani. Kubahatisha ni jambo jingine na lina hesabu yake. Ukisiliba maswali manne kwa kufumba macho, kwa wastani utapata moja na kukosa matatu: alama 4 kutoa 3, umebaki na 1. Ni faida ndogo mno, kama kuuza karanga kwa bei ya kununulia. Lakini ukiweza kuondoa majibu mawili kwa hoja, kati ya maswali mawili ya namna hiyo utapata moja na kukosa moja, alama 4 kutoa 1. Hasara kubwa haipo kwenye hiyo alama 1 inayokatwa. Ipo kwenye dakika nne unazokaa na swali moja huku mengine matatu uliyokuwa unayajua hujayafikia.

Swali la "ni kitu gani hakibadiliki" ndilo nililokuja kuliona kuwa uti wa mgongo wa mwendo wote huu wa haraka. Chukua breki. Gari likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa husimama baada ya mita 10 tangu breki zikamate. Likiwa kwenye kilomita 80 litahitaji mita ngapi? Mwanafunzi wetu mwema ataanza kubadilisha kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, atapata 11.1 yenye mkia, ataipandisha kipeo cha pili, na hapo dakika imekwisha. Kumbe kisichobadilika ni nguvu ya breki, na kwa breki zilezile umbali unakwenda na kipeo cha pili cha kasi. Kasi mara mbili, umbali mara nne: mita 40. Kilomita wala hazikuguswa.

Lakini mtego wake nao uko palepale. Mtunzi anaweza kusema kwamba tangu dereva aone hatari mpaka gari lisimame ni mita 18, na kati ya hizo mita 8 zilikwisha kabla mguu haujagusa breki. Aliyekariri "mara nne" atazidisha 18 kwa 4, atapata 72, na nakuhakikishia 72 itakuwepo kwenye majibu ikimsubiri. Mita 8 za kwanza gari lilikuwa kwenye kasi moja. Muda wa dereva kushtuka ndio usiobadilika hapo, kwa hiyo kasi ikiwa mara mbili zinakuwa 16 tu. Za breki zinakuwa 40. Jumla ni 56. Binti alilikosa swali hili mara mbili kabla hajazoea kuikata safari vipande na kuuliza swali letu kwa kila kipande.

Tulipohamia kwenye umeme nilidhani tutaanza somo jipya, na haikuwa hivyo. Balbu mbili za waya, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 100, zote za volti 220, zimeungwa kwa mfuatano kwenye umeme wa volti 220. Ipi inawaka zaidi? Karibu kila mtu husema ya 100. Wati zilizoandikwa kwenye balbu ni za pale inapokuwa peke yake na volti zake zote 220. Hapo volti ni zilezile kwa zote, na kwa kuwa P = V²/R, yenye wati nyingi ndiyo yenye ukinzani mdogo. Ukinzani wa balbu ya 60 na wa ile ya 100 ni kama 5 kwa 3. Sasa ukiziunga kwa mfuatano, kinachofanana si volti tena, ni mkondo. Umeme unaopita kwenye moja ndio unaopita kwenye nyingine. Basi chukua sura ya pili ya kanuni, P = I²R, na wati zinagawanywa kwa 5 kwa 3, balbu ya 60 ikipata fungu kubwa. Ukitakiwa kutoa tarakimu, jumla yao ni 60 mara 100 gawa kwa 160, yaani wati 37.5, na ukizigawa hivyo unapata kama 23 na 14.

Kanuni ni moja, sura zake ni mbili, na anayekosea mara nyingi si kwamba hajui kanuni. Ameshika V²/R mahali ambapo volti si zilezile. Ndiyo maana nilimwambia kila aonapo "mfuatano" aandike herufi I pembeni, na kila aonapo "sambamba" aandike V, kabla ya kusoma mstari unaofuata. (Kwenye balbu halisi tofauti ni kubwa kuliko hesabu hii, kwa sababu waya wa balbu ukipoa ukinzani wake unapungua, na ile ya 100 ndiyo inayopoa zaidi. Mtihani huchukulia ukinzani haubadiliki, na wewe fanya hivyo hivyo.)

Kilichomtesa zaidi ni daraja la Wheatstone. Limebeba jina la Charles Wheatstone, Mwingereza aliyelitangaza mwaka 1843, ingawa aliyelibuni ni mwenzake Samuel Hunter Christie miaka kumi kabla. Ni vikinza vitano: viwili viwili kwenye njia mbili zinazotoka upande mmoja wa betri kwenda upande wa pili, na cha tano kimelala katikati kikiunganisha njia hizo. Kikinza hicho cha katikati ndicho kinachovuruga kila kitu, kwa sababu kikiwepo huwezi kusema hivi viko kwenye mfuatano wala vile viko sambamba.

Shida ya kwanza ni kulitambua. Kitabuni huchorwa kama almasi, lakini mtunzi wa mtihani hulichora kama ngazi, kama pembetatu yenye mkia, au kama nyaya zilizopishana mpaka macho yanauma. Dawa ni herufi. Weka A kwenye mguu mmoja wa betri, B kwenye mguu wa pili, na ufuate waya kwa kidole. Popote waya mtupu unapofika bila kupita kikinza, andika herufi ileile. Ukishapita kikinza, weka herufi mpya. Ukimaliza, isahau picha ya mtunzi na uandike orodha. Mchoro mmoja uliomtoa jasho ulikuja kuwa hivi:

```
A–C 2 Ω    C–B 4 Ω
A–D 3 Ω    D–B 6 Ω
C–D 10 Ω   betri 18 V
```

Sasa linganisha: 2 kwa 4 ni nusu, 3 kwa 6 ni nusu. Kutoka A kwenda C umeme umeshuka theluthi moja ya volti, na kutoka A kwenda D umeshuka theluthi ileile. C na D ziko kwenye kimo kimoja, kama mabeseni mawili ya maji yaliyowekwa juu ya meza moja. Ukiyaunganisha kwa mpira hakuna maji yatakayotembea. Kikinza cha Ω 10 hakipitishi kitu. Kifute. Zimebaki njia mbili, ya Ω 6 na ya Ω 9, kila moja ikiwa na volti 18: ampea 3 na ampea 2, jumla ampea 5. Hata ukinzani wa jumla hukuhitaji kuutafuta. Ukiulizwa huo, gawa 18 kwa 5, ni Ω 3.6.

Siku ya tatu akaja na daraja ambalo njia ya pili ilikuwa na 6 kwanza kisha 3. Akafuta cha katikati kwa mazoea, akapata 3.6 vilevile, akaridhika. Nikamwambia, "Mwanangu, linganisha kwanza." 2 kwa 4 ni nusu, 6 kwa 3 ni mbili. Daraja halijalingana, na cha katikati kinapitisha umeme. Vitabu vinafundisha kuibadilisha pembetatu ya vikinza kuwa nyota, kazi ya dakika tatu au nne kwa mtu asiye na kikokotoo. Wengi huliacha swali hapo, na ni uamuzi wa busara. Lakini ipo njia ya kulibana, na kwangu ni nzuri kuliko zote nilizomfundisha.

Kikinza cha katikati hatujui kitafanya nini hasa, ila tunajua mipaka yake. Kukikata kabisa kunaufanya ukinzani wa jumla uwe mkubwa kuliko wote, maana umeme umenyimwa njia. Kuweka waya mtupu mahali pake kunaufanya uwe mdogo kuliko wote. Jibu la kweli limo katikati. Ukikata, una 6 na 9 sambamba, Ω 3.6. Ukiweka waya, C na D zinakuwa nukta moja: 2 na 6 sambamba ni 1.5, 4 na 3 sambamba ni kama 1.7, jumla Ω 3.2. Majibu yaliyotolewa yalikuwa 2.8, 3.5, 4.1 na 5.0. Moja tu ndilo lililo kati ya 3.2 na 3.6. Nilikwenda nyumbani nikafanya ile hesabu ndefu ya nyota kwa kalamu na utulivu, nikapata 3.495.

Njia hii ina mpaka. Mtunzi akiweka majibu mawili ndani ya mipaka, 3.3 na 3.5 tuseme, mipaka peke yake haitoshi, ingawa kwa kikinza cha Ω 10, kikubwa kuliko vyote vinne vinavyokizunguka, ningeegemea upande wa kukata. Na ukiulizwa mkondo unaopita katikati penyewe, haikusaidii hata kidogo. Hapo weka alama pembeni, nenda mbele, urudi muda ukibaki.

Jioni ya mwisho kabla hajasafiri nilimtegea. Nikalisoma tena swali la gari la siku ya kwanza, michapuko ileile na sekunde 10 zilezile, ila nikaongeza kwamba dereva hakuruhusiwa kuzidi 6 m/s. Nilitaka kuona kama atakimbilia 3 kwa 2 na kugawa sekunde zote kumi, kwa sababu ndivyo afanyavyo mtu aliyekariri pembetatu.

Hakukimbia. Alichora mstari wa kupanda, akauvuta ulale, akaushusha. "Juu ni bapa, Mwalimu," alisema, akawa anahesabu kwa ncha ya kalamu: sekunde 3 kupanda, 2 kushuka, 5 zimebaki za bapa. Kumi na tano gawa kwa mbili, mara sita.

"Arobaini na tano."

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeandika v = u + at.